Picha za Nyonga ya Baba

Wafagizi wa hospitali ile walimwogopa mpiga picha za eksirei kuliko walivyomwogopa daktari mkuu. Hakuwa mkali. Alikuwa mwanamke mpole wa miaka thelathini na minane, mwenye sauti ya kubembeleza wagonjwa: "Vuta pumzi, mzazi wangu. Ishike hapohapo. Haya, pumua." Lakini akikuta sakafu ya chumba chake ina maji, hata tone la kuchurura kutoka kwenye ndoo, uso ulimbadilika. Alichukua tambara mwenyewe, akapiga magoti na koti lake jeupe, akapangusa mpaka sakafu ikakauka, kisha akaipitishia kiganja kuhakikisha. Wafagizi walikonyezana. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Yeye alijua sababu, na nyumbani kwao kila mtu alijua. Alipokuwa na miaka kumi na minne alipiga deki sebuleni mchana mmoja, akaenda uani kumwaga maji machafu. Aliporudi alimkuta baba yake ameketi chini kiubavu, uso umemwiva kwa maumivu, mama yake amesimama mlangoni mwa jiko. Mama akamnyooshea kidole mbele ya majirani walioanza kuingia. "Ni maji. Huyu mtoto ameacha maji."

Baba alikuwa amevunjika nyonga. Miezi mitano baadaye alikufa, bila kutembea tena hata hatua moja. Alikuwa na miaka hamsini na miwili.

Kwa miaka ishirini na minne dada huyu aliishi na neno lile. Alisomea kazi ya picha, watu wakamsifu kwa kupenda sayansi. Ukweli ni kwamba alitaka kuona ndani ya watu waliovunjika. Maelfu ya nyonga zilipita mbele ya macho yake. Ile moja tu hakuwahi kuitazama, ingawa picha zake zilikuwepo, ndani ya bahasha ya kaki juu ya kabati la mama yake.

Basi siku moja asubuhi akaletewa mgonjwa kwenye kitanda cha magurudumu, akasoma fomu, akainua macho. Alikuwa kaka yake.

"Dada Picha," yule mgonjwa akasema, akijaribu kucheka. "Leo nimekuja dukani kwako."

Kaka alimzidi miaka mitatu. Alikuwa fundi wa kuandika mabango, na mtaani walimwita Rangi. Kwa miaka kumi na mitano alikuwa amepanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu na kopo la rangi likining'inia mkononi, na hakuwahi kuanguka. Safari hii alikuwa ameteleza kwenye kibaraza cha nyumba yake mwenyewe, kidaraja kimoja kisichofika hata magotini.

"Ngazi ndefu zimenishindwa," alisema, "kibaraza kimeniweza. Wifi yako amecheka mpaka alipoona mguu umepinda."

Dada hakucheka. Alikuwa amesikia ile harufu, tamu na chachu, iliyojificha nyuma ya dawa ya meno. Ilikuwa saa tatu asubuhi.

Alimpiga picha. Mfupa wa muundi ulikuwa umekatika kwa mshazari, vipande viwili vimepishana. Mvunjiko wa namna hiyo alizoea kuuona kwa vijana walioanguka na pikipiki. Kwa mtu aliyejikwaa kibarazani hakuutarajia. Akaikuza picha kwenye kioo. Mfupa wenye afya una ukuta mnene mweupe, na uwazi katikati kama bomba. Kuta za mfupa huu zilikuwa nyembamba, kama zimesuguliwa kutoka ndani. Naye alijua kwamba picha ya kawaida haionyeshi upungufu mpaka uwe mkubwa, mpaka karibu theluthi ya mfupa imeshapotea.

Daktari wa mifupa, mwanamume mfupi asiyependa maneno mengi, aliunyoosha mguu, akaufunga plasta, akamlaza wodini wauangalie uvimbe. Kabla ya hapo alimuuliza maswali ya kwenye fomu, dada akiwa amesimama pembeni.

"Unakunywa pombe?"

"Kidogo tu, daktari. Siku za mapumziko."

Daktari akaandika. Akamgeukia dada kidogo, kama mtu anayetafuta shahidi. Dada akatazama ncha za viatu vyake. Alijua kaka yake anaamka na chupa na kulala na chupa. Lakini hospitali nzima ilimheshimu, na ile ilikuwa aibu ya nyumbani. Akanyamaza.

Siku ya tatu, saa ya kutazama wagonjwa, muuguzi wa zamu alikuja mbio chumba cha eksirei.

"Njoo umwone ndugu yako. Hatumwelewi."

Wodi ilikuwa imejaa watu na vyombo vya chakula. Jua la mchana lilipiga madirishani. Katikati ya mwanga ule Rangi alikuwa ameketi wima kitandani, jasho linamtiririka, mikono inatetemeka hata shuka ikawa inacheza. Wifi, mkewe, alikuwa amemshika bega huku analia. Yeye hakumwona mkewe, wala hakumwona dada yake. Alikuwa anatazama sehemu tupu kati ya kitanda chake na ukuta.

"Inuka, baba," alisema. "Inuka, watu wanatazama."

Jamaa za wagonjwa wengine wakanyamaza mmoja mmoja.

"Sikukusukuma. Nilikuachia tu. Mikono ilichoka, baba. Nilikuachia kidogo tu." Akajivuta nyuma mpaka kichwa kikagonga chuma cha kitanda. "Usininyooshee mkono! Mwiteni dada apanguse, mwiteni, yeye ndiye mwenye maji..."

Dada aliyasikia yote. Lakini alikuwa mtu wa hospitali, na macho yake yaliona pia mengine: mishipa ya shingo inavyopiga, midomo ilivyokauka, siku tatu bila tone. Daktari alikuwa anaingia mlangoni. Akamwendea.

"Alikudanganya," alisema. "Anakunywa kila siku, tangu asubuhi. Miaka zaidi ya kumi na mitano. Nilijua nikanyamaza."

Daktari alimtazama kwa sekunde moja tu. "Mwili uliozoea pombe ukinyimwa ghafla unaweza kuua mtu. Degedege, moyo, hayo anayoyaona. Ungeniambia juzi tungemwanzishia dawa juzi." Akageuka, akaanza kutoa maagizo: dripu, sindano ya kutuliza, vitamini za kuchoma. Muuguzi, mwanamke mtu mzima, akapita na trei yake akinong'ona, "Mficha maradhi, mwanangu," bila kuimaliza methali.

Kwa siku mbili Rangi alizungumza na ukuta. Siku ya tatu aliamka, akaomba uji, akauliza ni siku gani. Hakukumbuka kitu, au alisema hivyo. Wifi alimsimulia kwamba aliweweseka. Hakumsimulia maneno aliyoyasema, kwa sababu hakujua maana yake.

Dada alijua. Hakurudi wodini. Kaka aliporuhusiwa kwenda nyumbani, na karatasi ya kliniki ya kuachia pombe ndani ya faili, alimtakia heri kupitia wifi.

Majuma yaliyofuata hakulala vizuri, wala mchana hakuwa salama. Alisikia "nilikuachia" kwenye mlio wa mashine. Kila mzee aliyelazwa mezani pake alikuwa na mguu mmoja umegeuka nje na kuwa mfupi kuliko mwenzake, kama wa baba ulivyokuwa siku ile, mpaka alipofumba na kufumbua macho, ukawa mguu wa kawaida. Alijiuliza: kama si maji, mimi nimekuwa nani miaka yote hii? Mtu akikutua mzigo uliouzoea, mgongo haunyooki siku hiyohiyo.

Kaka alirudi kwa picha majuma sita baadaye, kisha tena kwenye juma la kumi na sita. Mara hii ya pili wenzake wa chumba cha eksirei walikuwa na kazi nyingi, na ikabidi ampige yeye. Hawakusalimiana kwa maneno mengi. Harufu ilikuwa imerudi.

Picha ilipotokea kwenye kioo aliitazama kwa muda mrefu. Kwenye majuma kumi na sita, mtu wa miaka arobaini na moja anatakiwa awe ameanza kujenga daraja, lile wingu jeupe la mfupa mchanga linalozunguka pale palipokatika na kukaza taratibu. Hapa hapakuwa na wingu. Vipande viwili vilikuwa vinatazamana, na kati yao mstari mweusi, safi, kama ufa wa jana.

Daktari wa mifupa aliwaita wote wawili, na wifi.

"Rangi, wewe ni fundi, utanielewa," alisema. "Mfupa si jiwe. Kila siku kuna wabomoaji wanaotoa mfupa wa zamani, na wajenzi wanaoweka mpya. Pombe nyingi inawalaza wajenzi. Wabomoaji hawalali. Halafu tumbo na ini vikichoka, hata chokaa ya mifupa iliyomo kwenye chakula haiingii vizuri mwilini. Ndiyo maana mfupa wako ulikuwa mwembamba kabla hujaanguka, ndiyo maana ulivunjika kwa kibaraza, na ndiyo maana hauungi. Ukiendelea kunywa nitakupasua, nitakuwekea chuma, na chuma nacho kitalegea."

"Mbona wenzangu wanakunywa na wanatembea?"

"Bado hawajaanguka," daktari akasema.

Rangi akatazama magongo yake. "Nimesikia."

Lakini dada aliyemjua tangu utoto aliona kwamba hakusikia. Alitazama jinsi alivyoondoka, mabega yameinama, na akafahamu jambo lililomtisha: kaka yake hakuwa na haraka ya kupona. Alikuwa kama mtu anayelipa.

Jioni ile dada hakwenda nyumbani kwake. Alikwenda kwa mama.

Mama yao alikuwa ameketi anachambua mchele. Dada hakuketi. Alivuta kiti, akapanda, akaishusha bahasha ya kaki kutoka juu ya kabati, vumbi likamwagika kichwani pake.

"Unaitakia nini hiyo?" mama akauliza.

"Mama, siku ile baba alipovunjika, ulikuwa mlangoni mwa jiko. Uliona nini?"

Vidole vya mama vikasimama ndani ya ungo.

"Kaka amesema kila kitu akiwa mgonjwa," dada aliendelea. "Amesema alimwachia."

Mama alirudia kuchambua. Aliposema, alisema kwa sauti ya chini, akitazama mchele. "Alikuwa anamtoa mlangoni kumleta kwenye kiti. Baba yako alikuwa amelewa, akamtapikia mwenzio sare ya shule. Mwenzio akafungua mikono. Baba yako akaketi chini, hivi, kiubavu. Na mwenzio akacheka. Alikuwa mtoto, akaona kichekesho. Mpaka baba yako alipojaribu kuinuka, akashindwa. Nikamsukumia mwenzio chumbani kabla hujarudi."

"Na mimi?"

"Watu walikuwa wanaingia."

"Na mimi, mama?"

"Mwenzio angekufa kwa aibu," mama akasema. "Wangemwambia amemvunja baba yake. Wewe ulikuwa na roho ngumu. Niliona wewe utaweza." Akafuta macho kwa upande wa khanga. "Na uliweza."

Dada aliondoka na bahasha bila kuaga.

Kesho yake mchana, wenzake walipokwenda kula, alifunga mlango. Siku hizi picha zao zilikuwa za kompyuta, na kile kisanduku cha taa cha zamani ukutani kilitumika kutundikia kalenda. Akaitoa kalenda, akawasha. Taa ilipepesa, ikatulia. Akazipachika picha mbili za ndani ya bahasha.

Ya kwanza ilikuwa ya siku ile. Mvunjiko ulikuwa kwenye shingo ya paja, pale mfupa unapojibana kabla ya kuingia kwenye nyonga. Lakini macho yake hayakukaa hapo. Mfupa mzima wa mtu una mistari myembamba ndani ya shingo ile, imepishana kama nguzo za paa, ndiyo inayobeba uzito. Kwa baba mistari ilikuwa imebaki michache, imefifia kama maandishi ya bango lililopigwa jua. Kuta zilikuwa kama ganda la yai. Ile ilikuwa nyonga ya ajuza wa miaka themanini, ndani ya mwanamume wa hamsini na miwili.

Ya pili ilikuwa ya miezi minne baadaye. Ufa uko vilevile. Ncha za mfupa zilikuwa zimeanza kuviringika, dalili kwamba mfupa umeacha kujaribu kuunga.

Alikaa chini, kwenye sakafu kavu, akalia kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya wodini. Mtu mzima mwenye mifupa mizima akiachiwa na mtoto wake akaketi chini, anainuka, anajipangusa makalio, anamchapa mtoto kofi. Si maji yaliyomvunja, na si mikono ile tu. Baba alikuja nyumbani siku ile akiwa ameshavunjika kiasi cha kungoja kuguswa.

Siku ya mapumziko yake alikwenda kwa kaka. Rangi alikuwa chumba cha mbele, mguu juu ya stuli, chupa chini ya kiti, bango ambalo halijamalizika limeegemea ukuta: herufi mbili zimenyooka, ya tatu imetetemeka. Wifi alikuwa sokoni.

Dada aliinua picha mbili dirishani, mwanga ukapita.

"Hii ni yako, nimeichapisha," alisema. "Hii ni ya baba."

Uso wa kaka ukawa majivu. "Iondoe."

"Tazama kuta. Tazama huku, na huku."

"Nimesema iondoe!"

"Najua ulimwachia," dada akasema.

Rangi akafunika uso kwa mikono yake yenye rangi kwenye kucha. "Nani amekwambia?"

"Wewe. Ulipokuwa unamwona."

"Bado namwona," alisema ndani ya viganja. "Unafikiri nakunywa kwa raha? Nikinywa anaondoka. Nisipokunywa anakuja kukaa chini, palepale, ananinyooshea mkono. Na mimi nacheka, dada. Kila mara nacheka."

Dada alikuwa amekuja na hasira ya miaka ishirini na minne, ameipangia maneno njiani. Mengine aliyasema. Alimwambia namna alivyopiga magoti kupangusa sakafu za watu, namna alivyokataa mchumba kwa sababu aliona hastahili nyumba yake mwenyewe, na kwamba yeye, kaka mtu, alikuwa anamtazama tu. Rangi hakujitetea. Alisema, "Ndiyo," na tena, "Ndiyo, ni kweli."

Maneno yalipokwisha, dada aliketi karibu naye, akamwekea picha ya baba mapajani.

"Sasa nisikilize kama mpiga picha, usinisikilize kama dada. Wewe ulimwachia na mimi niliacha maji. Hakuna kati yetu aliyemvunja mfupa huu. Ulishaliwa na pombe zamani, na kilicholiwa hakikuweza kuunga, maana alikunywa hata kitandani. Nani alikuwa anamletea?"

"Mimi," Rangi akasema kwa taabu. "Alikuwa analia na maumivu. Nilidhani namlipa."

"Na sasa unamlipa na mguu wako."

Rangi aliinama, akaitoa chupa chini ya kiti, akampa.

Dada hakuimwaga. "Usiache leo peke yako, utaona yale ya wodini. Kesho nakupeleka kliniki, wakupunguzie kwa dawa. Na safari hii nitakaa mbele ya daktari niseme kila chupa."

"Utasema aibu yetu?"

"Nitaisema kwa herufi kubwa. Wewe utaniandikia bango."

Ilikuwa mara ya kwanza kucheka pamoja baada ya miezi mingi, na kicheko kilimtisha kaka kwanza, kisha akakiachia kimtoke.

Haikuwa njia iliyonyooka. Alirudia chupa mara mbili, mara moja akajificha kwa rafiki yake siku nne. Kila mara wifi alikwenda kumtafuta, na dada akakaa naye kliniki. Alipewa vidonge vya madini na vitamini, akala vizuri, akaota jua. Kipimo cha uzito wa mifupa, alichofanyiwa hospitali ya rufaa, kilisema mifupa yake ni ya mtu aliyemzidi miaka thelathini, na daktari alimwambia bila kumficha: sehemu itarudi, si yote.

Mwezi wa tano wa kutokunywa kabisa, dada alimlaza mezani, akasema, "Tulia hapohapo," akaenda nyuma ya kioo. Picha ilipotokea, pembezoni mwa ufa kulikuwa na kitu kama pumzi kwenye kioo cha dirisha. Aliikuza, akaipunguza, akamwita mwenzake aje kuthibitisha, kwa sababu hakuyaamini macho yake mwenyewe. Mfupa ulikuwa unajengwa.

Ilichukua miezi mingine minne mpaka magongo yakawekwa kando. Mguu ulibaki umepinda kidogo, mfupi kwa upana wa kidole. Ngazi ndefu alikatazwa. Siku hizi anaandika mabango akiwa ameketi, ubao umelazwa juu ya meza, na vijana wengine wanakwenda kuyapandisha. Baba bado humjia, alimwambia dada, mara chache, kwenye kona ya karakana. Kliniki wanajua. Anapokuja, Rangi anaendelea kuandika.

Dada hakwenda kwa mama kwa karibu mwaka mzima. Alituma mahitaji kwa mkono wa wifi. Siku alipokubali kwenda, ni kaka aliyemwomba, na walikwenda wawili kwa miguu, polepole.

Mama alisimama mlangoni. Alikuwa amepungua. Alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, asijue amkaribishe nani kwanza.

"Mguu unauma?" alimuuliza Rangi.

"Kukiwa na baridi."

"Wa baba yako ulimuuma usiku kucha."

"Najua, mama. Nililala naye chumba kimoja miezi mitano. Wewe ndiye uliyenipanga huko."

Mama akamgeukia binti yake, akaanza kusema jina lake la utotoni, akaliacha katikati. Dada hakumsaidia kulimaliza. Lakini hakuondoka pia. Alibaki amesimama palepale kizingitini, mpaka mama alipokwenda mwenyewe kuvuta viti, viwili, vizito kwake, kimoja baada ya kingine, akaviweka karibu na dirisha.